Kazi moja, wahariri wawili: tarehe niliyoibadilisha imerudi ya zamani bila onyo lolote

#1 Msimamizi_Sinza

Ndugu wanajukwaa, salamu. Kampuni yetu ndogo inafunga pampu za maji na matanki hapa Dar es Salaam, na kazi zote tunazipanga kwenye mfumo ambao kijana mmoja alitutengenezea kwa Django. Mimi nipo ofisini Sinza, mwenzangu yupo ghalani Mbagala, na sote wawili tuna ruhusa ya kuhariri kazi yoyote.

Kazi namba 4127 ilikuwa ya kufunga pampu kwa mteja wa Kimara, siku ya Alhamisi tarehe 13, na fundi aliyepangiwa alikuwa Juma. Nilifungua fomu ya kazi hiyo saa 3:10 asubuhi mteja akiwa kwenye simu. Aliomba tusogeze hadi Ijumaa tarehe 14, nikabadilisha tarehe, na nikahifadhi saa 3:14. Mwenzangu naye alikuwa ameifungua saa 3:11 kwa sababu Juma alikuwa anaumwa. Akatafuta fundi mwingine, akampata Hamisi, akahifadhi saa 3:17. Baada ya hapo mfumo ulionyesha fundi Hamisi na tarehe 13. Hamisi alibeba pampu Alhamisi kutoka Mbagala hadi Kimara akakuta geti limefungwa, na Ijumaa mteja alishinda nyumbani akitusubiri.

Mwenzangu anaapa kwamba hakuigusa tarehe, nami ninamwamini. Mfumo haukutoa kosa lolote. Ninaomba kuelewa ni nani aliyeifuta tarehe yangu, na nitajuaje kazi nyingine ngapi zimepatwa na jambo hili bila sisi kujua.

#2 Kijana_Kigamboni

Pole sana, dada. Hapa kinachokosekana ni muamala. Watu wawili wameandika kwenye mstari mmoja wa hifadhidata kwa wakati mmoja, wakagongana. Mwambie mtengenezaji aweke `SELECT ... FOR UPDATE` ndani ya muamala, mstari ufungwe mpaka wa kwanza amalize, kisha wa pili aingie. Tatizo litaisha siku hiyo hiyo.

#3 Mzee_Hifadhidata

Kijana, tazama tena saa alizoandika dada. Yeye alihifadhi saa 3:14 na mwenzake saa 3:17. Kati yao kuna dakika 3 nzima, kwa hiyo kwenye hifadhidata hawakugongana hata kidogo. Muamala wa kwanza ulikuwa umeshafungwa muda mrefu kabla wa pili haujaanza. Kufuli unalolisema hushikilia mstari kwa sehemu ndogo ya sekunde, wakati seva inasoma na kuandika. Halifiki kwenye dakika 6 ambazo fomu ilikuwa wazi mbele ya macho ya mtu wa Mbagala, na si jambo la busara kulishikilia muda wote huo, kwa maana mtu akienda kula na kuacha fomu wazi, kila anayetaka kuhariri kazi ile atasubiri.

Dada, tarehe yako iliandikwa upya na fomu ya mwenzako, bila yeye kuigusa. Alipoifungua saa 3:11, kivinjari chake kilipokea picha kamili ya kazi: fundi Juma, tarehe 13, maelezo, namba ya mteja, na yote mengine. Saa 3:14 hifadhidata ilibadilika, lakini picha iliyokuwa Mbagala haikubadilika. Saa 3:17 alipobonyeza Hifadhi, fomu ilituma visanduku vyote, pamoja na visivyoguswa, na ndani yake mlikuwa na tarehe 13. Seva haikuwa na njia ya kutofautisha kati ya «ninataka iwe 13» na «niliikuta ikiwa 13». Ikaandika 13.

Django inalirahisisha kosa hili, kwa kuwa `save()` ya kawaida huandika safuwima zote za mstari uliopo, hata kama umebadilisha moja tu. Ndiyo maana hamkuona kosa. Kwa mtazamo wa kompyuta, kila hatua ilikwenda sawasawa.

#4 Mama_Duka_Tandika

Samahani kama nitakuwa nje kidogo, lakini jambo hili lipo dukani kwangu pia. Tunaandika idadi ya mifuko ya saruji kwenye programu ya simu. Mifuko ilikuwa 40, mimi nikauza 3 na kijana wangu akauza 5 kwa wakati huo huo, na jioni programu ikasema ipo 35. Nilimgombeza bure akidhani ninamwita mwizi. Je, ni ugonjwa huo huo?

#5 Mzee_Hifadhidata

Ni ndugu yake wa karibu, mama, na hauko nje. Simu zote mbili zilisoma 40. Yako ikaandika 37, ya kijana ikaandika 35 juu yake, na mifuko 3 uliyouza ikapotea kwenye hesabu. Dawa yake, hata hivyo, ni nyepesi kuliko ya dada wa Sinza, kwa sababu hesabu ya kupunguza inaweza kuachiwa hifadhidata yenyewe:

```sql
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 3 WHERE id = 12;
```

Hapo simu haitumi jibu, inatuma kitendo. Vitendo viwili vikifika kwa mpangilio wowote, unabaki na 32. Tarehe na jina la fundi haviwezi kutendewa hivyo, kwa kuwa huwezi kujumlisha Juma na Hamisi.

#6 Mjenzi_Mwenge

Ninakubaliana na chanzo alichokieleza Mzee kwenye #3, na suluhisho ninaloliona ni la moja kwa moja: fomu itume visanduku vilivyoguswa tu. Mimi ninatengeneza upande wa kivinjari, na huwa ninahifadhi nakala ya thamani za mwanzo, kisha ninalinganisha kabla ya kutuma. Upande wa seva, Django ina njia yake:

```python
kazi.fundi = fundi_mpya
kazi.save(update_fields=["fundi"])
```

Kama mfumo wa dada ungekuwa hivi, saa 3:17 lingeandikwa jina la Hamisi pekee na tarehe 14 ingebaki salama. Baadhi ya zana nyingine, kama Eloquent ya Laravel, huandika safuwima zilizobadilika tu bila kuambiwa.

Tahadhari moja: iwapo kazi ina orodha, kwa mfano orodha ya vifaa vya kubeba, na orodha nzima imewekwa ndani ya kisanduku kimoja, njia hii haikuokoi. Mmoja akiongeza bomba na mwingine akiongeza valvu, wote wamegusa kisanduku kile kile, na orodha ya mwisho itakuwa na valvu bila bomba. Kila kifaa kiwe na mstari wake.

#7 Fundi_Pampu_Kimara

Mimi ni fundi wa kampuni nyingine, situngi programu, ila naomba kuuliza. Ndugu Mjenzi anasema matokeo mazuri yangekuwa Hamisi na tarehe 14. Ni nani kati ya wale wawili aliyechagua Hamisi kwa siku ya 14? Mtu wa Mbagala alimtafuta fundi aliye huru Alhamisi, na dada wa Sinza alipoihamishia kazi Ijumaa alikuwa akimfikiria Juma. Je, kama Ijumaa Hamisi ana kazi Bunju? Mimi nimewahi kupangiwa sehemu mbili asubuhi moja, na kila aliyepanga alikuwa na haki kwa upande wake.

#8 Msimamizi_Sinza

Ndugu Fundi, nimeangalia ratiba baada ya kusoma ulichoandika. Hamisi siku ya Ijumaa alikuwa Chanika tangu asubuhi. Kwa hiyo hata kama tarehe yangu ingesalimika, mteja wa Kimara asingempata fundi.

#9 Mzee_Hifadhidata

Fundi ameshika penyewe, na ninatamani watengenezaji wengi wangeuliza swali lile kabla ya kufurahia kuunganisha mabadiliko. Kuandika visanduku vilivyoguswa tu kunazuia kufutana, lakini kunaweza kuzaa kazi ambayo hakuna binadamu aliyeiona wala kuikubali. Fundi, tarehe na saa ni jambo moja, hata kama vimewekwa kwenye safuwima tatu. Maelezo ya mteja na rangi ya tangi havihusiani na hayo, na vinaweza kuunganishwa bila shida.

Kwa vile vinavyotegemeana, ninaweka namba ya toleo kwenye mstari. Kazi 4127 ikiwa toleo la 7, fomu zote mbili zinapokea 7 pamoja na data, na kila hifadhi inaandikwa namna hii:

```sql
UPDATE kazi
SET tarehe = '2024-06-14', toleo = toleo + 1
WHERE id = 4127 AND toleo = 7;
```

Dada anahifadhi saa 3:14, mstari mmoja unabadilika na toleo linakuwa 8. Mwenzake anahifadhi saa 3:17 akiwa bado na 7. Hakuna mstari wenye sifa hiyo, hifadhidata inajibu kwamba mistari 0 imebadilika, na programu inalazimika kumwambia kwamba kazi hii imebadilishwa tangu alipoifungua. Angalizo ni kwamba mistari 0 si kosa kwa hifadhidata. Programu isipoisoma namba ile, itaonyesha «Imehifadhiwa» huku haijahifadhi chochote, na hapo mtakuwa mmebadilisha ugonjwa tu.

#10 Kijana_Kigamboni

Mzee, ninapokea masahihisho ya #3. Lakini hili la toleo linanitatiza, kwa kuwa kazini kwetu tunatumia Java, tumeweka `@Version` tangu mwanzo, na bado watu wanafutiana. Nimejaribu kwa vichupo viwili sasa hivi: cha pili kimefuta cha kwanza, na toleo limepanda kutoka 3 hadi 5 bila malalamiko.

#11 Mzee_Hifadhidata

Nieleze hatua kwa hatua seva yenu inafanya nini inapopokea fomu.

#12 Kijana_Kigamboni

Inapokea namba ya kazi na visanduku, inaisoma kazi kutoka hifadhidata, inaweka thamani mpya, inahifadhi.

#13 Mzee_Hifadhidata

Basi jibu umeliandika mwenyewe kwenye hatua ya pili. Kichupo cha pili kilipohifadhi, seva iliisoma kazi upya na ikapata toleo la 4. Ikailinganisha 4 na 4, ikaridhika. Toleo lililokuwa mbele ya mtumiaji lilikuwa 3, lakini halikurudi na fomu. Ulinzi wenu unalinda zile sehemu za sekunde nilizozisema kwenye #3, haulindi dakika ambazo mtu anasoma na kuandika.

Namba ya toleo lazima itoke na fomu, ikae kwenye kisanduku kilichofichwa, na irudi nayo. Seva ilinganishe ile iliyorudi na iliyopo kabla ya kuweka thamani mpya. Usijaribu kuliweka toleo la zamani juu ya kitu ulichokisoma upya ukitegemea `@Version` igundue, kwa sababu Hibernate hulinganisha kwa namba iliyoisoma yenyewe na haiitazami uliyobandika wewe. Linganisha waziwazi kwa sharti lako mwenyewe.

#14 Kijana_Kigamboni

Nimeongeza sharti hilo na kurudia jaribio. Kichupo cha pili kimekataliwa. Ahsante sana, Mzee. Miaka miwili tumeamini kwamba tumejilinda.

#15 Karani_Ilala

Pamoja na heshima zote kwa wataalamu, mimi naona mnazunguka mbali. Kazi moja iwe na mhariri mmoja. Ofisini kwetu mtu akifungua jalada, wengine wanaona maneno «linahaririwa na fulani» na hawawezi kuandika. Tumeishi hivyo kwa muda mrefu.

#16 Mjenzi_Mwenge

Karani, niliwahi kujenga utaratibu huo na ninauheshimu, hasa pale ambapo uhariri unachukua saa nzima, kwani si haki kumkatalia mtu mwishoni baada ya kazi yote hiyo. Kilichonishinda ni kufungua kufuli. Mtu alifunga kompyuta bila kutoka, umeme ukakatika, au aliingia kwenye mkutano, na kazi ikabaki imefungwa. Tukaweka ukomo wa dakika 10. Ndipo tukapata mtu aliyerudi dakika ya 12, akahifadhi juu ya mwingine aliyekuwa ameshaingia. Tulilazimika kuongeza namba ya toleo hata hivyo, na alama ya «fulani anahariri» ikabaki kama taarifa ya kusaidia watu waongee, si kama ulinzi.

#17 Karani_Ilala

Kwetu kuna msimamizi wa kufungua makufuli yaliyosahaulika, na watu tumezoea kumpigia. Sijashawishika kwamba watu wawili wanahitaji kugusa kazi moja ndani ya dakika 5.

#18 Mpangaji_Tegeta

Nina swali kwa Mzee. Jedwali letu tayari lina `updated_at`. Kwa nini tusitumie hiyo badala ya kuongeza safuwima ya toleo?

#19 Mzee_Hifadhidata

Inawezekana, ila ina mitego miwili niliyoiona kwa macho yangu. Kwenye MySQL, safuwima ya `DATETIME` isipopewa tarakimu za ziada huhifadhi sekunde nzima tu, kwa hiyo hifadhi mbili ndani ya sekunde moja zinaonekana kuwa na wakati mmoja, na ya pili inapita. Kwenye PostgreSQL ni kinyume chake: wakati una tarakimu 6 baada ya sekunde, lakini `Date` ya JavaScript inashika 3 tu. Thamani ikipita kwenye kivinjari na kurudi, inakuwa imekatwa, hailingani tena, na kila mtu anakataliwa hata akiwa peke yake. Namba nzima inayoongezeka kwa moja haina matatizo haya.

#20 Msimamizi_Sinza

Ninawashukuru wote. Nina hofu moja kuhusu kukataliwa. Mfumo tuliokuwa nao zamani ulikuwa ukionyesha «Data imebadilika, pakia upya ukurasa», na ukipakia upya, maelezo yote uliyoyaandika yanapotea. Watu walizoea kunakili maandishi yao kwenye Whatsapp kabla ya kubonyeza Hifadhi. Je, tutarudi huko?

#21 Mjenzi_Mwenge

Hapana, dada, kama kazi hii itafanywa kwa uangalifu. Seva ikikataa, fomu ibaki na kila ulichoandika. Seva irudishe hali ya sasa, na kivinjari kionyeshe mambo matatu kwa kisanduku kinachogombaniwa tu: ulivyokikuta, ulichoandika wewe, na kilichopo sasa pamoja na jina la aliyekiweka. Kwa kazi 4127, mwenzako angeona kwamba tarehe aliyoikuta ni 13, yeye hakuigusa, na wewe umeweka 14. Hapo angekumbuka kwamba alimtafuta Hamisi kwa ajili ya 13, na angekupigia.

Ile thamani ya kwanza, «ulivyokikuta», wengi huiacha. Bila hiyo, mfumo unaona 13 na 14 tu, na haujui kama 13 ni uamuzi wa mtu au masalia ya fomu.

Kama mna programu ya simu inayoongea na seva, njia iliyopo tayari ni kichwa cha `If-Match`, na jibu la `412 Precondition Failed` pale toleo lisipolingana.

#22 Mzee_Hifadhidata

Nirudi kwenye swali lako la pili la #1, ambalo tumelisahau. Mkiwa na jedwali la historia linaloandika thamani ya zamani, thamani mpya, mtu na wakati, tafuta mahali ambapo kisanduku kilitoka A kwenda B, kisha ndani ya muda mfupi kikarudi A kwa mkono wa mtu mwingine, na katika hifadhi hiyo hiyo mtu yule alibadilisha kisanduku kingine pia. Halafu linganisha na kumbukumbu za seva: kama yule wa pili alifungua fomu kabla ya B kuhifadhiwa, karibu hakuna shaka. Kama aliifungua baada ya B, basi aliiona B na akaamua kuirudisha.

Njia hii haioni kila kitu. Kama wote wawili waligusa kisanduku kile kile kwa thamani tofauti, A haitarudi, na historia itaonekana kama mabadiliko mawili ya kawaida.

#23 Msimamizi_Sinza

Nimefanya hivyo na kijana wetu tangu asubuhi, kwa historia ya miezi miwili. Tumepata kazi 9 zenye sura hiyo. Katika 7 fomu ilikuwa imefunguliwa kabla. Mbili mwenzangu alirudisha tarehe kwa makusudi na anakumbuka sababu. Kati ya zile 7, nne zilihusu namba ya simu ya mteja kurudi ya zamani, na sisi tulikuwa tukiwalaumu wateja kwamba hawapokei.

#24 Fundi_Pampu_Kimara

Nina la mwisho upande wetu wa mafundi. Simu zetu mara nyingi hazina mtandao mahali tunapofanya kazi. Ninabonyeza «Nimemaliza» saa 5 asubuhi, na ujumbe unaondoka saa 11 jioni nikifika barabarani. Kama katikati ofisi ilihariri maelezo tu, toleo limepanda, na mimi nitakataliwa. Pampu nimeshaifunga na maji yanatoka.

#25 Mzee_Hifadhidata

Hilo lisikataliwe. Kumaliza ni tukio lililokwisha kutokea, si thamani ya kisanduku. Liandikwe kwenye mstari wake, na saa ya kufunga na saa ya kupokelewa, bila sharti la toleo.

#26 Karani_Ilala

Na kama ofisi saa 7 ilimhamishia mtu mwingine kazi ile kwa kuwa fundi hakupatikana kwenye simu? Mtakuwa na kazi iliyokwisha ambayo mtu wa pili yupo njiani kwenda kuifanya. Mimi ningemkatalia, ili angalau apige simu.

#27 Fundi_Pampu_Kimara

Ukinikatalia saa 11 jioni, Karani, mtu wa pili atakuwa ameshafika Kimara.

#28 Msimamizi_Sinza

Hili la #24 hadi #27 ninalipeleka kwa kijana wetu kama lilivyo, kwa kuwa kwetu limetokea mara mbili. Namba ya toleo kwenye fundi, tarehe na saa ameanza kuiweka leo. Namba ya simu ya mteja anaiandika peke yake pale tu inapoguswa.

#29 Mpangaji_Tegeta

Dada, mwambie pia ajaribu kwa vichupo viwili kama alivyofanya Kijana kwenye #10, kabla hajasema amemaliza.